Shajara ya mradi: Siwa ya Pate kwa sekunde 90

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumeanza. Kazi yenyewe ni video ya kumwongoza mgeni ndani ya Makumbusho ya Lamu, ile nyumba ya ufukweni ambayo zamani walikaa maofisa wa Kiingereza. Mgeni atasimama mbele ya chombo, atafungua video kwenye simu yake na kuisikiliza kwa sekunde 90, kisha ataendelea na safari yake. Tuko watatu: mimi naandika, mwenzangu mmoja anapiga picha na kuhariri, na dada mmoja mzaliwa wa Lamu ndiye sauti ya msimulizi. Tumechagua vyombo vitatu: siwa ya Pate, mbuzi ya kukunia nazi na kiti cha enzi.

Naanza na siwa, ile ala kubwa ya kupuliza, kwa sababu ndiyo inayonitisha. Makumbusho yana siwa mbili kubwa. Ya Lamu ni ya shaba, na ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ndefu kuliko kimo cha mtu mrefu. Ya Pate ndiyo tuliyoichagua. Mtu akiiona mara ya kwanza hudhani ni nguzo ya mapambo, mpaka aambiwe kwamba ilikuwa ikipulizwa.

Usiku huu nimemaliza rasimu ya kwanza. Nimeanza na siwa ni nini, nikaeleza ilitumika wapi, ya karne gani na imetengenezwa kwa kitu gani. Kila sentensi ni ya kweli. Nimeisoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, ikachukua zaidi ya dakika tatu, na nilipofika mwisho mwenyewe nilikuwa nimechoka.

Wiki ya 1, Jumanne

Leo nimepiga hesabu ya maneno kabla ya kuandika tena, jambo ambalo ningelifanya jana. Nilichukua ukurasa wenye maneno 200 nikampa dada msimulizi ausome kwa mwendo wa kusimulia, si wa kutangaza habari. Alitumia dakika 2 na sekunde 6, yaani maneno 95 kwa dakika. Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama “hawakuniruhusu” ni sentensi nzima kwa lugha nyingine, na msikilizaji anahitaji nafasi ya kulimeza. Kwa hiyo vile vipimo vya maneno kwa dakika ambavyo watu huvitoa kwenye kazi za lugha nyingine havitufai.

Katika sekunde 90 nataka 12 ziwe kimya, ili jicho lifanye kazi bila sikio kuingilia. Zinabaki 78, na kwa mwendo wa dada yetu hizo ni maneno 123. Rasimu ya jana ina maneno 310. Ina maana nipunguze zaidi ya nusu, na kwa kupunguza peke yake haitawezekana. Nitaandika upya.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nimeshinda chumba cha siwa tangu asubuhi, sina kamera wala daftari, nawatazama wageni tu. Wengi husimama mbele ya kabati la kioo muda usiofika nusu dakika. Wanasoma maelezo, wanainua macho, wanapiga picha, wanakwenda. Lakini kuna kijana mmoja wa skuli aliyeinama mpaka pua ikakaribia kioo, akamuuliza mwenzake, “Hii inapulizwa wapi?” Wakaanza kutafuta. Mmoja alisema kwenye ncha, mwingine akasema kwenye mdomo mpana. Walipoliona tundu la ubavuni, karibu na upande mwembamba, walishangaa wote wawili, na yule wa kwanza akajishika mashavu akayajaza hewa.

Walikaa pale dakika nne nzima kwa sababu ya tundu hilo.

Hapo nikapata mlango wa kuingilia. Siwa haipulizwi mwishoni kama zumari. Hupulizwa ubavuni, mpulizaji akitetemesha midomo kwenye tundu na hewa ikasafiri urefu wote wa pembe hadi kwenye mdomo mpana. Tundu lile ndipo midomo ya mtu ilipogusana na chombo kwa kazi yake. Nakshi ni ya kutazamwa, ila tundu ni la kutumiwa. Kipande chetu kitaanzia hapo, na neno la kwanza litakuwa “Tazama”.

Wiki ya 2, Jumatatu

Hadithi sasa. Iko moja tu inayofaa, na watu wa Pate na Lamu wanaijua. Ni ya Mwana Darini. Imo katika tarekhe ya Pate, ile iliyosimuliwa na Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabahani, ikaandikwa na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa ufupi, Mwana Darini alikuwa mjane wa ukoo wa kifalme, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara, akaomba siwa ya sultani akanyimwa. Akamwita fundi, fundi akachonga siwa nyingine kwa siri kutoka kwenye pembe za ndovu.

Mtu asiyeijua desturi ya visiwani ataona ni ugomvi wa ala ya muziki. Siwa ilikuwa haki ya koo za waungwana. Ilipulizwa katika harusi zao, tohara za watoto wao na kutawazwa kwa watawala wao, na mji mzima uliosikia ulijua ni shughuli ya nani na ya daraja gani. Kumnyima mtu siwa siku ya sherehe ya mwanawe ni kumwambia mbele ya watu kwamba mtoto huyo si wa daraja hilo tena. Mwana Darini aliomba nasaba ya mtoto wake itambuliwe.

Nimeandika rasimu ya pili kwa moto mkubwa. Nimempa maneno. Nimemfanya asimame mbele ya sultani na kusema mistari minne mizuri kweli, na fundi naye akajibu. Dada msimulizi aliisoma akapata machozi. Maneno 141, bado yamezidi, lakini ina uhai.

Wiki ya 2, Jumatano

Nilimpelekea rasimu bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani ambaye tumezoea kumwendea kwa mambo ya zamani. Nilimsomea barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni nzuri, kisha akaniuliza taratibu, “Mwanangu, maneno haya ya Mwana Darini umeyapata kwa nani?”

Nikamwambia nimeyatunga, ili msikilizaji amwone.

“Basi mgeni akitoka hapa atakwenda kuwambia wenzake Mwana Darini alisema hivi. Na mtoto wangu wa skuli atayaandika kwenye mtihani. Wewe utakuwa ushakwenda kwenu.”

Hakusema kwa ukali. Ila nilirudi nyumbani nikiwa na uzito, maana alikuwa amesema kweli. Video ikichezwa ndani ya makumbusho, mbele ya chombo chenyewe, kila neno lake linachukuliwa kuwa limethibitishwa na nyumba ile. Mtungaji wa riwaya ana ruhusa ambayo mimi sina.

Usiku nilichukua kalamu za rangi tatu nikapitia rasimu sentensi kwa sentensi. Bluu ni kwa kile ambacho mgeni anaweza kukiona mwenyewe akiwa pale amesimama: tundu, nakshi, urefu, rangi ya pembe. Kijani ni kwa kile kilichoandikwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Nyekundu ni kwa kile kinachotoka kwenye tarekhe na masimulizi. Sentensi isiyokubali rangi yoyote kati ya hizo ni yangu mwenyewe, na hiyo inatoka.

Zimetoka sentensi saba. Ile mistari minne mizuri imetoka yote.

Kijani nilikuwa na kitu kimoja kizuri sana, nikakiweka kando kwa shida. Mwezi wa Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipofika Malindi, mwandishi wa shajara ya safari ile aliona wapigaji wa mfalme wa Malindi wakiwa na pembe mbili za ndovu zilizochongwa vizuri, urefu wake kimo cha mtu, zikipulizwa kwenye tundu la ubavuni. Ni kama vile alikuwa amesimama mbele ya kabati letu. Lakini ile ni Malindi, na ni karibu miaka 200 kabla ya wakati ambao tarekhe inamweka Mwana Darini. Nikiiingiza kwenye sekunde 90 mgeni ataichanganya, atasema Vasco da Gama aliiona siwa hii. Nimeihamishia kwenye maandishi ya ukurasa wa chini ya video, kwa anayetaka kusoma zaidi.

Wiki ya 2, Ijumaa

Rasimu ya nne. Nainakili hapa yote, kwa sababu nadhani ndiyo tutakayoirekodi. Maneno ya kwenye mabano ni ya mpiga picha.

> (Giza. Mwanga unakuja taratibu juu ya tundu.)
>
> Tazama ubavuni, karibu na upande mwembamba. Liko tundu. Hapo ndipo midomo ya mpulizaji ilipogusa.
>
> (Kimya, sekunde 4. Pumzi moja.)
>
> Tarekhe ya Pate yasema hivi. Mwishoni mwa karne ya 17, mjane aitwaye Mwana Darini alitaka kumtahirisha mwanawe kwa heshima ya ukoo wake. Heshima hiyo ilikuwa na sauti: siwa. Mji ukiisikia, unajua mtoto ni wa nani.
>
> Siwa ilikuwa kwa sultani. Mwana Darini akaomba. Akanyimwa.
>
> Alimwita fundi, akampa pembe mbili za ndovu. Fundi akachonga ndani ya nyumba, kwa siri.
>
> (Kimya, sekunde 8. Kamera inatembea juu ya nakshi, polepole.)
>
> Fuata mstari mmoja wa nakshi kwa jicho lako. Usiuache. Kila mahali unapopinda, mkono wa fundi ulisimama, ukageuza chuma, ukaendelea.
>
> Siku ya sherehe, Pate ikasikia siwa ambayo sultani hakuitoa.
>
> Wazee wa visiwa hivi wasema, ndiyo hii.

Maneno hayafiki 123, kwa hiyo dada anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Mambo mawili yamenigharimu muda. La kwanza ni “yasema” na “wasema”. Ni maneno mawili madogo ambayo yamebeba ule ushauri wa bibi. Msikilizaji hachoshwi nayo, kwa sababu hadithi zetu nyingi husimuliwa hivyo, na asiyejali atayapita, lakini anayejali atajua tarekhe inasema nini na pembe yenyewe inasema nini. La pili ni ile aya ya kufuata mstari wa nakshi. Ndiyo sehemu pekee inayomwachia mgeni kazi. Nilipoijaribu kwa mwenzetu wa kamera aliangalia picha ya siwa kwenye simu, kidole kikaanza kutembea juu ya skrini bila mwenyewe kujua.

Jana bibi alisikia rasimu hii kwa simu. Alisema, “Sasa hapana mtu utakayemdanganya.” Kisha akaniuliza kwa nini nasema tembo kwenye maandishi ya ukurasa na ndovu kwenye video. Nimesawazisha. Kote ni ndovu.

Wiki ya 3, Jumanne

Siku ya kurekodi picha. Kibali tulishakipata, na muda tuliopewa ni kabla ya wageni kuanza kuingia.

Kioo kimetusumbua. Chumba kinapata mwanga kutoka upande wa bahari, na kioo cha kabati kinaurudisha wote. Shoti sita za kwanza zina siwa, zina dirisha, zina mpiga picha na shati lake jeupe. Mwenzangu alivua shati akavaa fulana nyeusi, ikasaidia kidogo. Kilichotuokoa ni kitambaa cheusi kizito cha mita mbili. Tulikikata tundu dogo katikati, lenzi ikatokeza hapo, sisi wawili tukakishika pembeni kama pazia kati ya kamera na chumba. Lenzi ikaja karibu kabisa na kioo bila kukigusa. Dirisha likapotea.

Taa nayo ina elimu yake. Ukimulika nakshi kutoka mbele, pembe inakuwa laini kama sabuni, huoni kitu. Ukiiweka taa chini pembeni, mwanga ukapita juu ya pembe kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga, kila mkato unatoa kivuli chake na nakshi inainuka. Tulitumia taa ndogo za elidi zisizotoa joto, na tukaziwasha kwa dakika chache tu kila mara. Pembe ya ndovu ni kitu kilichokuwa hai, joto huikausha na ikikauka hupasuka. Msimamizi wa chumba hakuhitaji kutukumbusha, ila alikaa nasi muda wote na nilifurahi kwamba alikaa.

Kosa lililobaki tuliligundua jioni kwenye kompyuta. Tulisahau kuipa kamera karatasi nyeupe ya kupimia rangi, na siwa imetoka ya manjano kama samli. Inarekebishika kwa uhariri, lakini si vizuri, kwa sababu ukiipunguza manjano kwenye pembe unaipunguza pia kwenye mbao za nyuma. Tumeomba asubuhi nyingine moja.

Wiki ya 3, Alhamisi

Tumerudia kwa karatasi nyeupe. Rangi sasa ni ile inayoonekana kwa macho: mahali peupe, mahali pa hudhurungi pale mikono ilipopitapita.

Nimesimama mbele ya hizo sehemu za hudhurungi muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Muswada wangu unamtaja mjane, sultani na fundi. Aliyeipuliza hatajwi jina, na hata aliyeshika ule upande mzito hatajwi. Si kwamba nilimsahau, ni kwamba sina jina la kumpa. Lakini kipande kinaanza na midomo yake, na hilo nimeamua lisibadilike hata kama tutakata kitu kingine.

Wiki ya 4, Jumatatu

Sauti. Kila aliyeona picha za mwanzo aliuliza swali moja: tutaisikia? Siwa yenyewe haiwezi kupulizwa, hilo halina mjadala. Mwenzangu wa uhariri alikuwa ametafuta mlio mzito wa pembe kwenye hazina ya sauti za kununua, akauweka kwenye ile sehemu ya kimya cha pili. Ulikuwa mkubwa na ulisisimua. Tukampigia mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi wa vyumba. Akasema mara moja, “Hiyo ni meli inaingia Mombasa.”

Tukajaribu baragumu halisi. Mtu anayelipuliza tulimpata, tukarekodi mara kumi uani kwake. Ni sauti nzuri, lakini ni ya pembe fupi ya mnyama, na pembe ndefu hutoa mlio mzito zaidi. Tukiiweka juu ya picha ya siwa tutakuwa tumempa mgeni sauti ya chombo kingine, na kile nilichokiondoa kwenye maneno kitarudi kwa mlango wa sauti.

Kuna na jambo la kifaa. Hata tungepata mlio halisi, spika ya simu ni ndogo na haiwezi kutoa sauti nzito. Tuliujaribu ule mlio wa kwanza kwenye simu tatu: kwenye vifaa vya masikioni ulitetemesha kifua, kwenye spika ya simu ukabaki mlio mwembamba kama wa mbu. Wageni wengi watatumia spika.

Kwa hiyo tumebaki na pumzi. Dada msimulizi alikaa ndani ya kabati la nguo, milango imefungwa, nguo zikinyonya mwangwi, akajaza kifua mpaka mwisho kama mtu anayejiandaa kupuliza kitu kikubwa, kisha akashika hewa ndani. Hakuitoa. Ndiyo inayosikika sekunde ya 14, na baada yake ni kimya. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilijikuta nami nimeshika pumzi.

Wiki ya 4, Jumatano

Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa rahisi, na niliandika muswada wake kwa asubuhi moja. Kwa siwa tulikuwa na hadithi ya mtu mmoja. Mbuzi hana mtu mmoja, ana mikono ya kila nyumba, basi tulichohitaji ni mikono. Tulikwenda kumrekodi yule bibi jikoni kwake, kisha tutaweka picha zake kando ya mbuzi wa makumbusho.

Alikalia kibao, kile chuma chenye meno kikiwa mbele yake, akashika nusu ya nazi kwa mikono miwili. Alianza pembeni, akazungusha kifuu kidogo kidogo, na macho hayakuwa kwenye nazi, alikuwa akizungumza nasi. Ghafla aliacha, ingawa niliona bado imebaki nyama. Nikamuuliza. Akanionesha: sauti ilikuwa imebadilika. Meno yakifika kwenye ile ngozi ya kahawia inayoshikana na kifuu, mkwaruzo unakuwa mkavu, na ukiendelea tui linatoka na rangi. Yeye anaacha kwa kusikia. Kisha akaweka maji, akakamua kwenye kifumbu, tui zito likashuka bakulini, jeupe tupu.

Kipande chote sasa kimejengwa juu ya mkwaruzo huo. Sekunde 40 za mwanzo hazina maneno kabisa. Msikilizaji anasikia mkwaruzo laini, laini, laini, halafu mkavu mara moja, na hapo mkono unasimama. Ndipo msimulizi anaanza: “Umesikia? Yeye pia.” Kisha kamera inakwenda kwenye mbuzi wa makumbusho, kwenye meno yake yaliyoliwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Bluu yote, kwa ile hesabu yangu ya rangi, isipokuwa jikoni, ambako ni kijani kwa sababu tulikuwapo.

Mkwaruzo unasikika vizuri hata kwenye spika ya simu. Nilijaribu kabla ya kufurahi.

Wiki ya 5, Jumanne

Kiti cha enzi tumekiahirisha. Nimeandika rasimu tano na zote nimezitupa. Kiti chenyewe ni kizuri mno: mti mweusi, vipande vyeupe vilivyopachikwa, kikalio na mgongo wa kamba zilizosukwa, na cha kuwekea miguu mbele. Lakini kila hadithi niliyojaribu ilihitaji mwenye kiti, na mwenye kiti kile simjui, na nyumba kilikotoka siijui. Ningeweza kumbuni mzee wa heshima na mgeni wake. Ningefanya hivyo wiki ya kwanza bila kujiuliza. Sasa siwezi kuiandika sentensi ya kwanza bila kusikia lile swali la barazani.

Tumekubaliana nitafute kwanza kiti cha namna hiyo ambacho bado kiko kwenye nyumba ya watu, na familia inayoweza kusema wenyewe nani alikalia na nani hakuruhusiwa. Kikipatikana, watasimulia wao, kwa Kiamu chao, na mimi nitakata na kupanga tu. Mpaka hapo video ina vyombo viwili.

Wiki ya 5, Ijumaa

Leo tumejaribu kipande cha siwa mahali pake. Tuliwaomba wageni kumi na wawili, watu wazima na watoto, mmoja mmoja, wasimame mbele ya kabati na kusikiliza. Nilisimama nyuma yao nitazame vichwa, si nyuso, kwa sababu kichwa kinaonesha jicho linakwenda wapi.

Kwenye “Tazama ubavuni” saba kati yao waliangalia simu badala ya siwa. Ni kosa langu na la mhariri: tumewawekea picha nzuri ya tundu kwenye skrini, kwa nini wainue macho? Tumeamua sekunde zile 14 za mwanzo skrini iwe nyeusi kabisa, isipokuwa mistari miwili ya maandishi kwa asiyesikia. Mgeni hatakuwa na pengine pa kuangalia ila kwenye kioo. Picha ya karibu itakuja baadaye, kwenye nakshi, ambako jicho peke yake haliwezi kuona vizuri kupitia kabati.

Mchana tulijaribu tena na watu sita kwa skrini nyeusi. Wote sita waliinua macho. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka minane au tisa, alilipata tundu kabla ya mama yake, akamvuta mkono na kumwonesha. Pumzi ya dada yetu ilipopita alifunga mdomo wake kabisa.

Alipomaliza aliuliza kama yule mtoto wa Mwana Darini alifurahi. Sikuwa na rangi ya kumjibia. Nikamwambia tarekhe haikusema, na yeye akarudi kwenye kioo, akatazama tena.

Kesho tunarekebisha skrini nyeusi, tunaweka maandishi ya chini kwa mistari isiyozidi miwili, na Jumatatu namfuata bibi. Amesema anamjua mtu Shela mwenye kiti.